Mapigo ukilala, ukikaa na ukisimama: dakika ya kwanza haihesabiwi

*Swali: "Nina miaka 29 na sina ugonjwa ninaoufahamu. Nikiwa nimelala saa yangu ya mkononi inasoma mapigo 62, nikikaa 67, nikiinuka yanaruka hadi 97. Jamaa wa gimu ameniambia huo ni udhaifu wa moyo, nipumzike na nitumie propranololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo. Je, tofauti hii ni ya kawaida? Na nipime kwa saa au kwa vidole?"*

Usikimeze kidonge hicho, na mazoezi usiyaache, mpaka utakapokuwa umepima upya kwa njia inayostahili kuitwa kipimo. Ile 97 umeisoma katika sekunde ambazo moyo wa karibu kila mtu mzima mwenye afya huruka, na mtu aliyeitumia kukupa jina la ugonjwa amekufanyia kile nilichofanyiwa mimi, tena kwa maneno yanayokaribia kufanana, hata nimejiuliza kama watu hawa wana daftari moja wanalosomea.

Elewa kwanza kinachotokea unapoinuka. Ukiwa umelala, damu imetandaa karibu sawasawa mwilini na hairudi moyoni kwa kupanda mlima. Ukisimama, kiasi cha nusu lita hadi robo tatu ya lita huteremka kwenye miguu na mishipa ya tumboni, hivyo damu inayorudi moyoni hupungua na kila pigo husukuma kidogo kuliko lilivyosukuma dakika moja kabla. Kuta za mishipa mikubwa ya shingoni, na za aota, mshipa mkuu utokao moyoni, pale inapopinda juu ya moyo, zina vihisio vya shinikizo la damu. Vikihisi upungufu huo, ubongo huachia kwanza breki ambayo mshipa wa fahamu uitwao vagasi huuwekea moyo muda wote tunapopumzika. Breki ikiachiwa, mapigo hupanda papo hapo na kufika kileleni baada ya sekunde 10 hadi 15 hivi. Kisha mishipa ya damu hujibana, shinikizo hurudi mahali pake, nayo mapigo hushuka tena kabla dakika haijaisha na kutulia juu kidogo ya yalivyokuwa ulipolala. Kwa hiyo kuna namba mbili tofauti za kusimama, ya kilele na ya utulivu, na vipimo vinavyozungumzia tofauti ya kawaida kati ya kulala na kusimama vinahusu hii ya pili.

Mimi niliipima ile ya kwanza. Nilikuwa nimenunua saa ya mkononi, nikaamka asubuhi nikaona 56, nikaiandika kama mapigo yangu ya kupumzika. Mchana wake, nikiwa kwenye gimu, mwalimu wa mazoezi aliniambia nilale chini, kisha akaniamuru niinuke haraka. Saa ikapanda hadi 98. Akatoa 56 katika 98, akapata 42, akatikisa kichwa na kusema kwamba moyo wenye afya haupandi zaidi ya mapigo 10. Hesabu ile ilikuwa na makosa mawili ambayo leo naweza kuyaeleza nikiwa nimefumba macho. Aliilinganisha namba ya alfajiri, ya mtu aliyetoka usingizini, na namba ya mchana wa joto la Dar es Salaam, ilhali angeniacha nilale kimya dakika tano palepale angepata kitu kama 68. Halafu akachukua kilele cha sekunde za mwanzo akakiita mapigo ya kusimama. Mtu huyo alikuwa na cheti kilichofungwa kwenye fremu, nami nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu timamu, hivyo sijui ni nani kati yetu anayestahili kuchekwa zaidi. Napendekeza tumwanze yeye.

Hapo ndipo gharama ilipoanza. Duka la dawa lililokuwa jirani liliniuzia propranololi bila kuuliza cheti cha daktari wala kama nina pumu, jambo ambalo lingeweza kuniua kama ningekuwa nayo, kwa kuwa dawa hiyo hubana njia za hewa za mwenye pumu. Nilipoimeza, saa ilinifurahisha sana: kulala 52, kusimama 59. Niliona nimepona. Kumbe dawa ilikuwa imeufunga mkono ule ambao moyo huutumia kukabili kusimama, nami nilikuwa napata kizunguzungu kila nikipanda ngazi na kukieleza kuwa ni dalili ya ule udhaifu niliogunduliwa nao. Nyumbani walisema natembea kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani kwa mara ya kwanza, nami nikawajibu kwamba wagonjwa wa moyo hawakimbii.

Kosa lililonigharimu kuliko kidonge, hata hivyo, ni mapumziko. Niliacha kukimbia, nikawa nashinda kitandani au kwenye kochi, na jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba mwili unaolala sana hupunguza ujazo wa damu na kulegeza mazoea ya mishipa ya kupambana na kusimama, kiasi kwamba tofauti ya mapigo kati ya kulala na kusimama huongezeka yenyewe hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Kwa hiyo kila vidonge vilipoisha nikajipima, namba ilikuwa mbaya kuliko ya mwanzo, nami nikaamini zaidi kwamba ninaumwa, nikalala zaidi. Nililipia kipimo cha umeme wa moyo, nikalipia altrasaundi ya moyo, vyote vikatoka safi, na fedha iliyokuwa imetengwa kwa kodi ya nyumba ikaishia kwenye madirisha ya malipo. Daktari aliyenitoa shimoni hakutumia mashine yoyote ya ajabu. Alinilaza, akaendelea kuandika mambo yake kwa dakika kadhaa kana kwamba amenisahau, akahesabu mapigo kwa vidole kwenye kifundo cha mkono, akanisimamisha, na nilipotaka kuanza kumsomea saa yangu akaniambia ninyamaze mpaka dakika ipite.

Kanuni yenyewe ndiyo hiyo, nami sitaki uondoke na nyingine: lala kimya dakika tano, hesabu, simama, uache dakika nzima ipite bila kuangalia chochote, kisha ndipo uhesabu, na urudie katika dakika ya 3, ya 5 na ya 10 ukiwa umesimama wima bila kutembea wala kuegemea ukuta. Uwe na kiti au kitanda karibu, na ukiona giza machoni, keti mara moja. Linganisha namba za kikao hicho kimoja tu. Hesabu kwa sekunde 30 na uzidishe kwa 2, au dakika nzima kama una subira. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 akikosea pigo moja hukosea mapigo manne kwa dakika, na tofauti ya kulala na kukaa mara nyingi haizidi sana hapo. Saa yako si mbaya, ila huchelewa sekunde kadhaa na huchanganyikiwa mkono unapochezacheza, kwa hiyo kilele cha sekunde ya 12 inaweza kukuonyesha ukiwa tayari umeshatulia.

Nitakuonyesha kikao changu kimoja, baada ya dawa kusitishwa na mwili kurudi kwenye mazoezi. Baada ya kulala dakika tano: 64. Nilipoinuka, nikachungulia saa kwa makusudi: 96. Baada ya dakika ya kwanza vidole vilinipa 78, dakika ya tatu 77, ya tano 79, ya kumi 80. Mwalimu wangu wa gimu angesema nimepanda mapigo 32, na angekuwa amepima sekunde kumi na kitu za maisha yangu. Jibu sahihi ni kati ya 13 na 16, nalo ni la mtu mzima wa kawaida kabisa.

Watu wazima wenye afya wakitoka kulala kwenda kukaa huongeza mapigo machache, kwa kawaida chini ya 10, na wengine hawaongezi karibu chochote. 62 na 67 zako hazina habari. Wakisimama na kutulia, wengi huongeza kati ya 10 na 20 juu ya namba ya kulala. Vijana wenye afya wanaweza kufika 25, hasa asubuhi, kwa sababu tofauti hii huwa kubwa zaidi asubuhi kuliko jioni. Kiu, joto, homa, kahawa na mlo mkubwa uliomalizika muda mfupi uliopita huipanua pia. Usitoke juani na chupa tupu ukajipima kisha ukaja kutuogopesha.

Mpaka ambao madaktari huuangalia ni ongezeko la 30 au zaidi linaloendelea ndani ya dakika 10 za kusimama bila shinikizo la damu kuporomoka. Kwa wenye miaka 12 hadi 19 mpaka ni 40. Hata hapo namba peke yake haitoshi: lazima iambatane na dalili kama kichwa kuwa chepesi, kutetemeka au moyo kwenda mbio, dalili zinazokuja ukisimama na kupungua ukilala, na ziwe zimekaa miezi mitatu au zaidi. Kuna na upande wa pili ambao watu wa gimu hawautaji kabisa: mtu anayepata kizunguzungu akisimama ilhali mapigo yake karibu hayapandi kabisa anahitaji kupimwa shinikizo akiwa amelala na akiwa amesimama, kwa kuwa kushuka kwa 20 au zaidi katika namba ya juu, au 10 katika ya chini, ndani ya dakika tatu si jambo la kawaida. Na anayeharisha, kutapika au kutokwa damu, kisha mapigo yakapanda 30 na kubaki huko, au akashindwa kusimama, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri majibu ya jukwaani.

Kama umeshaanza kumeza propranololi, usiiache ghafla kwa kusoma maneno yangu, hasa ukiwa umeitumia kwa muda. Moyo unaweza kurudi kwa kishindo. Mwone daktari akupangie namna ya kuipunguza, na umweleze wazi ni nani aliyekuandikia. Kama hujaanza, pima kesho asubuhi kabla ya chai, na kesho kutwa jioni, kisha uziandike hapa namba tano za kila kikao: ya kulala, na za dakika ya 1, ya 3, ya 5 na ya 10. Ile ya sekunde za mwanzo mpelekee jamaa yako wa gimu.