Dai kumbukumbu ya kujiunga kabla hujajitoa

"Salio langu linakatwa kila mara na mtandao hauniambii ni la nini. Nitarudishiwaje?"

Kabla ya kupiga huduma kwa wateja, hakikisha kwanza kwamba makato hayo si ya intaneti, kwa sababu hilo ndilo jibu la kwanza utakalopewa, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Mimi nilizima data saa tatu usiku, nikapiga picha ya skrini inayoonyesha salio, nikalala bila kuigusa simu. Asubuhi lilikuwa limepungua kwa kiasi kilekile cha jana na juzi. Makato ya intaneti hupanda na kushuka kulingana na matumizi. Yasiyobadilika ni dalili ya huduma ya kulipia, kama zile za habari, michezo au miito ya simu, zinazotozwa kupitia namba fupi. Tena salio likiisha, mfumo hujaribu upya, ndiyo maana hela huweza kukatwa dakika chache tu baada ya kuweka vocha.

Niliomba taarifa ya makato ya siku 30, kato moja moja, na ndani yake namba fupi ileile ilijitokeza mara 26. Mhudumu alitaka kunitoa kwenye huduma papo hapo. Nilimsihi asubiri, anisomee kwanza tarehe, saa na njia niliyojiunga nayo, kwa kuwa kujitoa husimamisha makato yajayo tu, hakurudishi yaliyokwisha kukatwa. Kumbukumbu yao ilidai kwamba nilijiunga kwa kutuma ujumbe mfupi. Basi nikaomba nionyeshwe ujumbe huo katika orodha ya meseji zilizotoka kwenye laini yangu siku hiyo, na haukuwemo. Hapo ndipo dai langu lilipopata miguu.

Nakiri kwamba mambo huwa magumu zaidi ikiwa ulibonyeza "Sawa" kwenye ujumbe ulioruka wenyewe katikati ya skrini, kwani kumbukumbu itaonyesha kweli ulikubali. Hata hivyo uliza kama ulitumiwa ujumbe wa kukutajia bei, na kama uliombwa kuthibitisha mara ya pili. Kubonyeza mara moja bila kujua bei si ridhaa, na usione haya kuliandika hilo kwenye malalamiko yako.

Mara ya kwanza nilirudishiwa makato ya siku 7 tu. Niliwaandikia tena, nikataja namba ya malalamiko na tarehe za makato 19 yaliyobaki, nayo yakarudi baada ya siku 12, kama muda wa maongezi na si fedha taslimu. Ihifadhi namba hiyo: ukikataliwa na kulazimika kwenda kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano, ndiyo itakayoonyesha kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe.

Mwisho niliomba laini ifungiwe huduma zote za kulipia. Usiku ule nilizima data tena, na asubuhi salio lilikuwa lilelile.