Usimwambie mzazi "hakuna shida" kama shida ipo

Hivi karibuni nimewapitia baadhi yenu mlioanza kulea watoto wa majirani nyumbani, na kuna jambo limenikera mpaka nimeona niliandike. Jioni wazazi wanapokuja, ninyi mmechoka na mnachotaka ni mlango ufungwe. Mzazi anauliza, "Vipi leo?" na kila mmoja anapewa jibu lile lile: "Mzima tu, hakuna shida." Kumbe mmoja amegoma kula tangu asubuhi, mwingine ameharisha, na wa tatu ana alama ya meno ya mwenzake begani, chini ya shati. Mama yake ataiona wakati wa kumwogesha.

Najua kazi ilivyo. Wadogo wanafika alfajiri, na hujakaa vizuri mchana wanaingia wa shule na mabegi yao, ugomvi wao na njaa yao. Lakini mzazi anayetoka watoto wakiwa bado wamelala na kurudi giza limeingia hana njia ya kuijua siku ya mwanawe ila kinywa chako. Kwa hiyo nazungumzia makabidhiano tu. Mambo ya michezo, usingizi na kazi za shule mtayazoea wenyewe.

1. Makabidhiano yanaanza asubuhi. Mwangalie mtoto mzazi akiwa bado amesimama hapo: uso, mikono, miguu, joto la mwili. Kama ana mkwaruzo, uliza na uandike mbele yake, maana usipoandika, jioni mkwaruzo huo ni wako. Kisha uliza mambo matatu: amelalaje, amepewa dawa gani na saa ngapi, na nani anakuja kumchukua.

Hilo la dawa lina hatari ambayo wengi wenu hamjaiona. Chukua mtoto wa kilo 12 aliyeamka na homa. Parasetamoli hupimwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo dozi yake moja ni kati ya miligramu 120 na 180. Mama amempa saa 12 asubuhi, akasahau kusema kwa haraka ya kazini. Saa 2 mtoto anachemka tena, nawe una chupa kwenye begi lake, unampa. Hapo dozi mbili zimepishana saa mbili tu, wakati zinatakiwa kupishana saa zisizopungua nne, na dozi zisizidi nne kwa siku nzima. Tena dawa ya maji ina nguvu tofauti. Iko yenye miligramu 120 katika mililita 5, na iko yenye 250 katika mililita hizo hizo. Kijiko ni kile kile, dawa ni zaidi ya mara mbili. Usitoe dawa yoyote bila jina la mtoto, kipimo na saa vilivyoandikwa na mzazi, na ukishatoa, andika saa yako chini ya yake. Jioni mzazi aondoke akijua dozi ya mwisho ilikuwa saa ngapi, kwa sababu usiku zamu ni yake.

2. Mtoto akianguka, mzazi asikie kwako kwanza. Hapa nitakaa, kwa kuwa hapa ndipo nilipokosea, na sitaki hata mmoja wenu apite nilipopita.

Nilikuwa na mvulana wa miaka minne, mchangamfu, wazazi wake wote wakifanya kazi za zamu ndefu. Mchana mmoja, wale wa shule wakiwa wanaingia, alipanda kiti kumwonyesha kaka mmoja kitu dirishani, kiti kikateleza, akaanguka chali na kisogo kikagonga sakafu. Alilia papo hapo, nikambeba, nikamwekea barafu niliyoifunga kitambaa. Nundu ilikuwa ndogo. Baada ya muda akashuka mapajani mwangu akaenda kucheza. Nikasema moyoni, afadhali, ni nundu tu.

Nilipaswa kupiga simu wakati ule ule. Sikupiga. Nilijiambia mama yake yuko kazini, nitamtia hofu bure. Ukweli ni kwamba niliogopa. Familia ile ndiyo iliyokuwa imeniletea wateja wengine wawili, na nilikuwa nikiwaza ataniona mzembe. Nikapanga kumwambia ana kwa ana jioni. Jioni akaja baba, si mama, ana simu sikioni na mtoto mwingine mkononi. Aliuliza, "Amekuwaje?" Nikajibu, "Mzima tu." Nywele zilifunika nundu. Nikajipa ahadi kwamba kesho nitamweleza mama taratibu.

Usiku mtoto alitapika. Mama yake akadhani ni tumbo, akampa maji kidogo kidogo akamlaza. Akatapika tena, na asubuhi alikuwa mzito kuamka, anaulizwa jambo na kujibu jingine. Wakamkimbiza hospitali. Daktari aliuliza swali la kwanza ambalo daktari yeyote angeuliza: ameanguka? Amegonga kichwa? Mama akajibu kwa moyo safi kwamba hapana. Wakaanza kutafuta chanzo kwenye tumbo na kwenye homa. Aliyesema ukweli ni mtoto mwenyewe, baadaye, muuguzi alipomshika kisogoni akalia: alianguka kwenye kiti, kwangu.

Ulikuwa mtikisiko wa ubongo. Alibaki chini ya uangalizi na akapona, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Mama yake alinipigia simu siku hiyo. Hakunifokea. Aliniambia, "Watoto huanguka, hata kwangu huanguka. Lakini daktari aliniuliza nami nikamjibu uongo kuhusu mwanangu, na uongo huo ulitoka kwako." Sikuwa na neno la kujibu. Hakumrudisha, na wale wawili aliokuwa ameniletea nao wakaondoka mwezi huo huo. Sikuwalaumu.

Nataka mwelewe kosa lilikuwa wapi. Mtoto kuanguka ni jambo la kila siku, ingawa kile kiti nilipaswa kukitoa dirishani. Ubaya ulikuwa ule ukimya, kwa sababu dalili za kichwa kilichoumia huweza kuchelewa. Zinaweza kutokea saa kadhaa baadaye, na kwa kawaida mtoto hufuatiliwa kwa karibu saa 24 za kwanza, hata 48. Saa nyingi kati ya hizo haziko mikononi mwako, ziko mikononi mwa mzazi. Usipomwambia, umemwondoa mlinzi kwenye lindo bila yeye kujua.

Basi fanya hivi. Aliyegonga kichwa muweke karibu nawe, barafu ndani ya kitambaa, dakika 10 au zaidi kidogo kama anavumilia. Akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, akipata degedege, akitapika zaidi ya mara moja, akichanganyikiwa, akiwa mgumu kuamshwa, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji maji au damu vikitoka sikioni au puani, hapo usisubiri jioni: anakwenda hospitali sasa, na mzazi anakutana nanyi huko. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akaonwe na daktari hata kama anacheka. Asiye na dalili yoyote, mpigie mzazi simu ndani ya dakika chache. Asipopokea, tuma ujumbe na uendelee kupiga.

Ujumbe usiwe wa kupamba. Mimi sasa naandika namna hii: "Saa 8 na dakika 20 mchana ameanguka kutoka kwenye kiti, amegonga kisogo sakafuni. Alilia mara moja, hakuzimia. Nimemwekea barafu, kuna nundu ndogo upande wa kulia. Sasa anacheza na amekunywa maji. Naendelea kumwangalia, nitakupigia tena saa 9." Kisha saa 9 piga kweli. Jioni mwonyeshe mahali penyewe, mtajie dalili za kuangalia usiku, mwambie mtoto anaweza kulala kama kawaida ila awe anaamshika, na mpe karatasi yenye maelezo hayo. Kama anayemchukua si huyo uliyezungumza naye, anza upya. "Nilimwambia mama" haimsaidii baba anayelala na mtoto usiku huo.

Na wewe mwenye msaidizi, sikiliza. Msaidizi wako akikuletea habari ya mtoto kuanguka ukaanza kwa kufoka, ya pili hataileta. Mwache amalize, mhudumieni mtoto, mpigie mzazi, halafu ndipo mkae mzungumze kuhusu kile kiti.

3. Mtoto kumjua mtu si ruhusa ya kumtoa. Atamkimbilia mjomba, atamrukia, nawe utaona aibu kumzuia mtu mzima mlangoni. Ona aibu hiyo, umzuie. Siku ya kuandikisha, wazazi waandike majina na namba za wanaoruhusiwa. Jina lisipokuwepo, piga simu kwa namba iliyo kwenye daftari lako, siyo ile anayokupa aliyesimama mlangoni wala ile mpya iliyokutumia ujumbe dakika tano zilizopita. Kama wazazi wametengana, uliza siku hiyo hiyo nani anachukua lini, na kama kuna amri ya mahakama uwe na nakala yake. Nimewahi kumsimamisha babu wa watu mlangoni mpaka binti yake alipopokea simu. Alikasirika, akanung'unika, na siku iliyofuata binti yake akaja kunishukuru kabla hata ya kunisalimu.

4. Wa shule asipofika. Hili nimeliona kwa wawili wenu: saa ya kufika imepita, mlezi anaendelea na kazi akisema labda leo mama kampitia. "Labda" si taarifa. Kabla hujampokea mtoto wa shule, andikianeni jukumu lako linaanza wapi: pale anapotoka darasani, anaposhuka kwenye gari, au anapoingia mlangoni kwako. Kubalianeni pia kwamba mzazi akimchukua mapema atakujulisha kabla, hata kwa maneno mawili.

Zikipita dakika 10 bila mtoto, piga shule kuuliza kama ametoka na nani, kisha piga mzazi hapo hapo, usisubiri uwe na jibu zuri la kumpa. Mara nyingi utakuta amebaki kwenye mazoezi au amekwenda kliniki na mama aliyesahau kukuambia. Usione umemsumbua. Kama shule imethibitisha ametoka peke yake na mzazi hanaye, mtu mmoja aifuate njia anayopita kila siku na mwingine abaki na watoto waliopo. Ukiwa peke yako, usiwaache wao kwenda kumtafuta yeye: muombe jirani ambaye wazazi tayari wanamjua, na jina la jirani huyo liwe daftarini tangu mwanzo.