Pochi ya ngozi: tazameni mshono kabla ya kutazama mng'ao

Wadogo zangu, juzi nilipitia picha za pochi na mikoba ambazo wanagenzi wetu walikuwa wametengeneza kwa mtambo wa akili bandia unaochora picha kutokana na maneno, nikakuta nyingi zina kosa nililolifanya mimi nilipoanza: ngozi imejaa matuta makubwa kama punje za mahindi, bizimu inang'aa bila kuakisi kitu chochote, na mwanga umeganda juu ya ngozi kana kwamba imepakwa vanishi. Nimeona niyaandike haya kabla mteja hajaumia tena.

1. Vinyweleo, yale matundu madogo ya ngozi, vipimwe kwa mshono. Mtambo wa picha haujui kwamba pochi inaenea kiganjani. Ukisisitiza umbile la ngozi kwa maneno makali, unakuza vinyweleo hadi pochi ionekane kama ya mwanasesere. Pochi iliyoshonwa kwa mkono huwa na mishono ya takribani milimita 3 hadi 4, kwa hiyo ndani ya urefu wa mshono mmoja lazima vinyweleo kadhaa vienee. Kinyweleo kikilingana na mshono, futa picha hiyo.

Somo hili nililipata kwa uchungu. Fundi mmoja wa ngozi, mzee ninayemheshimu, aliniomba picha za pochi yake ya ngozi ya mbuzi, nami badala ya kuipiga picha kwanza, nikaandika hivi:

```
leather wallet, highly detailed leather grain,
macro, 8k, shiny, gold buckle
```

Picha ilinipendeza, nikaiweka dukani siku hiyo hiyo bila kumwonyesha mzee. Wanunuzi waliagiza, wakapokea pochi nzuri isiyofanana na picha, wakazirudisha. Nilipomwendea, aliweka pochi yake kando ya skrini, akachukua msharasi na kuninyooshea sehemu moja baada ya nyingine. "Mwanangu, hii ni ngozi ya mnyama gani?" Vinyweleo vilikuwa sawa kila mahali kama vilivyogandamizwa kwa mashine, ilhali katika ngozi yake vilibana sehemu moja na kulegea nyingine, kwenye mkunjo, ambapo ngozi huvutika na kufanya mikunjo midogo, picha yangu haikuwa na dalili yoyote, na bizimu haikuwa na ulimi, mkanda ulikuwa umepenya katikati ya chuma. Nilimrudishia malipo yake yote, lakini hasara ya pochi zilizorudi ilikuwa imeshampata, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Usiku ule niliandika upya, safari hii nikieleza jinsi pochi ilivyotengenezwa:

```
bifold wallet, vegetable-tanned goatskin,
fine irregular pores, small creases at the fold,
waxed linen thread, burnished edges,
bank card half out, large softbox from the left,
satin sheen
```

Kadi ya benki haikuwekwa kwa urembo. Upana wake ni milimita 85.6, na mtambo umeona kadi nyingi mno, hivyo kadi inaupa kipimo cha kila kitu kilicho kando yake. Funga namba ya `Seed`, ambayo ndiyo mtambo huanzia kuchora, kisha badilisha neno moja tu kila mara, la sivyo hutajua ni lipi lililoleta tofauti.

2. Chuma huonyesha kilicho mbele yake. Shaba inayong'aa katika chumba kitupu hugeuka rangi ya njano tu, kwa hiyo taja kitu cha kuakisiwa: ubao mweupe upande mmoja, giza upande wa pili. Bizimu ikikosa ulimi, msiitoe picha nzima upya. Katika mtambo wa Stable Diffusion, ziba bizimu peke yake ili sehemu hiyo tu ichorwe upya. Lakini fahamuni kwamba `Denoising strength`, yaani kiasi ambacho mtambo huruhusiwa kubadilisha sehemu hiyo, ikiwa 0.4 mara nyingi hurekebisha uso wa chuma tu, haijengi ulimi ambao haupo. Mimi huchora ulimi kwa mkono, hata kwa mstari mmoja wa rangi ya shaba, ndipo naiweka kwenye 0.55 au 0.6, kisha nahakikisha ulimi unaingia katika tundu la mkanda.

3. Mng'ao laini hutokana na taa kubwa iliyo karibu na upande mmoja. Kuzeni picha mtazame ukingo wa mng'ao: kwenye ngozi halisi ukingo huo hukatwakatwa na vinyweleo, na ukiwa mstari safi mmetengeneza plastiki. Neno `shiny` liondoeni. Neno `plastic` likae kwenye `Negative prompt`, kisanduku cha mambo yasiyotakiwa, kwa sababu ukiandika `no plastic` katika maelezo ya kawaida, mara nyingi unaialika plastiki yenyewe.

Picha ya kuuzia ianze na picha ya bidhaa yenyewe, hata ya simu, na maneno yatumike kurekebisha mwanga na mandhari. Kisha apelekewe aliyeishona. Mzee yule bado hupokea zangu, na wiki iliyopita alinirudishia moja kwa sababu uzi ulilala kulia upande mmoja wa mkunjo na kushoto upande wa pili, wakati pochi aliyonikabidhi ilikuwa na mishono iliyolala upande mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.