Pinokle ya karata 48: namna ya kuhesabu meldi na kujua dau lako linaishia wapi

"Wakuu, niko Marekani, wakwe zangu hucheza pinokle kila Ijumaa kwa karata 48. Wananiambia ni deki mbili. Meldi sizielewi vizuri, mnada ndiyo kabisa. Wiki iliyopita tulilaza alama nyingi mezani lakini mwishoni tukaandikiwa hasi 300. Kwa nini?"

Mkuu, mchezo huu nilifundishwa Ohio, kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nafanya zamu za jioni. Wazee wanne walikuwa na meza yao, na siku mmoja wao akiwa mgonjwa waliniita nijaze kiti baada ya kutoka kazini. Nilikaa kiti hicho karibu miaka mitatu, kwa hiyo nitakueleza kama walivyonieleza wao.

Kwanza hilo la deki. Karata zenu 48 ni kweli zimetokana na deki mbili, ila zimetolewa zote za chini ya tisa. Kila karata ipo mara mbili: ree, kumi, mfalme, malkia, jeki na tisa, katika kopa, uru, shupaza na pao. Lakini Wamarekani wakisema pinokle ya deki mbili, mara nyingi wanamaanisha mchezo mwingine wa karata 80, usio na tisa hata moja na kila karata ipo mara nne. Huko dau huanzia mbali na alama za kula ni nyingi zaidi. Ukisoma maelezo ya karata 80 halafu ukakaa kwenye meza ya 48, hesabu zako zote za mnada zitakuwa juu mno. Kwa hiyo ukikuta mahali pametajwa karata 20 kwa kila mchezaji, achana napo. Nyinyi mnagawiwa 12 kila mtu, wawili kwa wawili, mwenzako kakaa mbele yako.

Mpangilio wa nguvu ni ree, kumi, mfalme, malkia, jeki, tisa. Kumi inampiga mfalme. Aliyekulia kwenye karata za baraza, zile ambazo saba inamzidi mfalme, hatashangaa sana. Kumi hapa imekaa kiti cha saba.

Sasa meldi. Hizi ni karata unazozilaza mezani baada ya turufu kutajwa, kabla ya kuanza kucheza, ukahesabiwa alama, kisha ukazirudisha mkononi. Ziko za aina tatu. Za kwanza ni za rangi moja. Mfalme na malkia wa rangi moja ni ndoa, alama 20, na wakiwa wa turufu ni 40. Ukiwa na ree, kumi, mfalme, malkia na jeki wa turufu, wote watano, huo ni mfululizo, alama 150. Tisa ya turufu peke yake ina 10. Za pili ni za kuzunguka, yaani karata ya cheo kimoja kutoka kila rangi: ree nne 100, wafalme 80, malkia 60, jeki 40. Ya tatu ndiyo yenye jina la mchezo: malkia wa shupaza na jeki wa uru, alama 40. Ukiwa nao wote wanne, wawili wawili, zinapanda hadi 300. Ree zote nane ni 1,000, lakini katika miaka yangu mitatu sikuziona mkononi mwa mtu. Kama wakwe zako wanaandika 15 badala ya 150 usishtuke, wamekata sifuri tu.

Kinachowachanganya wengi ni karata moja kutumika mara mbili. Inaruhusiwa, mradi meldi ziwe za aina tofauti. Malkia wa shupaza anaweza kuwa kwenye pinokle, kwenye ndoa na kwenye malkia wa kuzunguka kwa wakati mmoja, na kote huko unalipwa. Usichoweza ni kulipwa ndoa ya turufu kwa mfalme na malkia walewale walio ndani ya mfululizo. Mfululizo ni 150, basi. Ukiwa na mfalme na malkia wengine wa turufu pembeni, hapo unaongeza 40.

Tuje kwenye mnada, maana ndipo mlipoumia. Unanadi haki ya kutaja turufu, na unanadi kabla hujajua mwenzako ana nini. Dau lako ni ahadi kwamba meldi zenu nyinyi wawili, pamoja na alama mtakazokula kwenye mchezo, zitafika namba hiyo. Kila mtu kwa zamu anapandisha kwa kumi au zaidi, au anapita, na aliyepita harudi tena. Meza yetu ilianzia 250; nyingine huanzia 200 au 150, na wote wakipita, kwa wengi aliyegawa karata anabeba dau la chini kwa lazima. Mkifika au mkizidi dau, mnaandikiwa kila kitu mlichopata. Msipofika, meldi zenu zinafutwa, alama mlizokula zinafutwa, na dau lote linaondolewa kwenye jumla yenu. Hiyo ndiyo hasi 300 yenu: mlitaja 300, meldi pamoja na mlizokula havikufika, basi zile karata nzuri mlizolaza hazikuhesabika kabisa. Wapinzani wanabaki na zao, mradi wamekula angalau mara moja.

Namba ya kushika kichwani ni 250. Hizo ndizo alama zote zilizomo kwenye mchezo wenyewe, haziongezeki. Ree, kumi na mfalme kila mmoja ana 10, karata 24 jumla 240, na anayekula mara ya mwisho anapata 10 zaidi. Wapo wazee wanaohesabu kwa namna ya kale, ree 11, kumi 10, mfalme 4, malkia 3, jeki 2, na bado jumla inatoka 250 ileile. Mkimaliza, jumlisheni za pande zote mbili. Ikitoka 240, kuna aliyesahau kumi ya mwisho.

Nikuonyeshe kwa mkono niliowahi kupewa, ambao sitausahau. Shupaza nilikuwa na ree, kumi, mfalme, malkia na tisa. Uru: ree, kumi na jeki. Kopa: ree na mfalme. Pao: ree na malkia. Ree nne za kuzunguka, 100. Malkia wa shupaza na jeki wa uru, 40. Nikitaja shupaza kuwa turufu, ndoa yake inakuwa 40 na tisa yake 10. Jumla 190 mkononi mwangu. Nikitaja rangi nyingine yoyote ndoa inashuka hadi 20 na tisa inakufa, nabaki na 160. Kwa hiyo turufu ni shupaza, hilo halina mjadala.

Je, nitakula ngapi? Kila mzunguko wa karata nne una wastani wa alama 21 hivi. Nikianza mimi, ree ya turufu haipigwi na mtu, kwa sababu zikikutana karata mbili zinazofanana, iliyotangulia ndiyo inayokula. Ree tatu za rangi nyingine zitakula pia iwapo nitazitoa mapema, kabla wapinzani hawajaishiwa rangi hizo na kuanza kunikata kwa turufu. Weka mzunguko mmoja au miwili zaidi kutoka kwangu au kwa mwenzangu, ni mitano hadi sita, tuseme alama 120. Ukiongeza 190 unapata 310. Hapo ndipo mnada wangu ulipaswa kuishia. Meldi za mwenzangu ningeziacha ziwe akiba ya kufidia bahati mbaya, maana mtu anaweza kugawiwa karata 12 asiwe na chochote cha kulaza.

Nilitaja 400. Sababu ni kwamba nilikuwa nimezoea mchezo wa kwenye simu ambamo mshindi wa mnada hupitishiwa karata na mwenzake. Nilikosa jeki wa shupaza tu kukamilisha mfululizo. Wapo wawili kati ya karata 36 ambazo sizioni, na uwezekano kwamba mwenzangu anaye angalau mmoja ni zaidi kidogo ya nusu. Akinipitishia, ile ndoa ya 40 inageuka mfululizo wa 150, na 190 yangu inakuwa 300. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, lakini meza ile haikupitishiana karata. Mwenzangu alikuwa naye kweli jeki wa shupaza, na alibaki naye mkononi mwake bila faida yoyote. Alilaza ndoa moja ya kopa, 20. Tukawa na 210, tunahitaji 190 kati ya 250. Tulicheza vizuri tukala 140, jumla 350. Tukaandikiwa hasi 400. Wapinzani walikuwa na meldi za 60 na wakala 110, wakaondoka na 170. Yule mzee hakunigombeza. Alichukua karatasi ya alama, akaandika 190 na 120 kwenye ukingo, akapiga mstari chini, akanisukumia.

Kwa hiyo Ijumaa, kabla ya kugawa, uliza mambo mawili: tunapitishiana karata au la, na ni lazima uwe na ndoa ya turufu ndipo utaje rangi hiyo? Meza nyingi zina sharti hilo la pili, na mgeni hulijua akiwa ameshashinda mnada. Kisha meldi zikishalazwa, toa jumla yenu kwenye dau kabla ya kutupa karata ya kwanza. Mkibakiwa na 100 hadi 130, mko salama ilimradi mchezo usiharibike. Ikifika 180, kila ree lazima ile na mwenzako akumbuke kukutupia makumi na wafalme wake kila unapokula. Ikizidi 250, mmeshaanguka hata mkila kila kitu.

Kama unakumbuka karata ulizokuwa nazo wiki ile ya hasi 300, ziandike hapa na rangi mliyotaja, tuzihesabu pamoja.