Saa zilizobaki kabla mnada haujafungwa

"Mnada umeandikwa kwamba utafungwa Machi 15, 2025, saa 18:30 PST. Kwangu sasa ni saa 20:10 tarehe hiyo hiyo, nami niko UTC+3. Nimebakiwa na saa ngapi?"

Ndugu, zigeuze saa zote mbili ziwe UTC kwanza, kisha utoe. Saa yako 20:10, ukiondoa 3, ni 17:10 UTC. PST ikichukuliwa kama ilivyoandikwa ni UTC-8, kwa hiyo 18:30 ukiongeza 8 inakuwa 02:30 UTC ya tarehe 16, na zimebaki saa 9 na dakika 20.

Hata hivyo, nisingeiamini hesabu hiyo. Marekani ilisogeza saa mbele Machi 9, na tangu siku hiyo saa za pwani ya magharibi huitwa PDT, yaani UTC-7, lakini wauzaji wengi huendelea kuandika PST mwaka mzima kwa mazoea tu. Ikiwa ndivyo, mnada unafungwa 01:30 UTC, ambayo kwako ni 04:30 alfajiri ya tarehe 16, na umebakiwa na saa 8 na dakika 20.

Ili kujua ipi ni kweli, angalia muda unaoonyeshwa kando ya dau lililowekwa sasa hivi: dau la 17:12 UTC litasomeka 10:12 ikiwa tovuti inatumia UTC-7, na 09:12 ikiwa ni UTC-8. Usipopata dau jipya la kulinganisha, fuata muda ulio mfupi, yaani saa 8 na dakika 20.