Chaja ya Khalati Iliyolia Usiku

Mwezi wa Machi, kaskazi ikielekea kwisha na joto la Mombasa likiwa halimwachi mtu alale, khalati yangu wa Kisauni alinipigia simu karibu na saa tano usiku kunieleza kwamba chaja yake inalia kama mbu na haishikiki kwa moto. Isitoshe, kila anapoichaji simu, kioo kinajibofya chenyewe na kufungua mambo asiyoyataka, hata jirani amekwisha mwambia kwamba simu imeingiwa na jini. Nilimwomba azime kwanza swichi ya soketi, ndipo aichomoe, na aniwekee hadi asubuhi bila kuichomeka tena. Mimi hutengeneza redio na vipaza sauti, na chaja zilizokufa zimepita nyingi mezani pangu, kwa hiyo dalili hizo tatu kwa pamoja zilinipa fununu ya kilichokuwa ndani kabla sijaiona.

Nianze na mlio, kwa sababu ndio unaowatia watu wasiwasi zaidi ilhali mara nyingi hauna neno. Chaja ya simu haina transfoma kubwa nzito kama ya redio za zamani. Huugeuza umeme wa soketi wa volti 240 kuwa mkondo mnyoofu wa karibu volti 340, kisha swichi ya elektroniki huukatakata mkondo huo mara makumi ya maelfu kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma ndogo. Sikio la binadamu halisikii mtetemo unaozidi mara 20,000 kwa sekunde, ndiyo maana chaja nzima ikifanya kazi huwa kimya. Lakini simu inapokaribia kujaa, au chaja inapobaki kwenye soketi bila simu, swichi hiyo haihitajiki kila wakati, hivyo hufanya kazi kwa vipindi: hukata kidogo, hupumzika, kisha hukata tena. Vipindi hivyo ndivyo huweza kuangukia katika kiwango tunachokisikia, na vikaitikisa kidogo transfoma pamoja na kapasita za kauri, vile vijisehemu vinavyohifadhi chaji ya umeme. Mlio mwembamba ambao huusikii mpaka usogeze sikio, unaotoka simu ikiwa imejaa na unaotoweka ukianza kuchaji simu tupu, ni tabia ya kifaa na si ugonjwa.

Wa kuhofiwa ni mlio ambao haukuwapo mwanzo, unaosikika ukiwa umelala kitandani, na unaozidi pale simu inapovuta umeme mwingi. Huo mara nyingi humaanisha kwamba kuna kapasita imechoka na swichi inahangaika kuishika volti. Kuna sauti nyingine ambayo si mlio hata kidogo, nayo ni kutatarika, kama mafuta yanavyotatarika kikaangoni. Hiyo ni cheche, ama ndani ya chaja ama kwenye mashiko ya soketi, na haisubiri uchunguzi wowote: zima swichi mara moja.

Kuhusu joto, watu wengi hawatofautishi chaja yenye joto na chaja mbovu. Chaja ya wati 10 iliyotengenezwa vizuri, ambayo ufanisi wake ni asilimia 80, huvuta wati 12.5 kutoka kwenye soketi, na zile 2.5 zinazobaki hugeuka joto ndani ya kiboksi chake. Chaja mbaya yenye ufanisi wa asilimia 65 huvuta zaidi ya wati 15 ili itoe zilezile 10, yaani huzalisha joto maradufu katika kiboksi cha ukubwa uleule. Tena joto hilo hujumlishwa na la chumba. Chaja inayopanda nyuzi 30 juu ya hewa inayoizunguka itafika nyuzi 48 katika nyumba ya Limuru yenye nyuzi 18, lakini Kisauni, chumba kikiwa na nyuzi 32, itafika 62, na haijawa mbovu hata kidogo. Kiwango cha kimataifa cha usalama, IEC 62368-1, huruhusu plastiki ya kuguswa kwa sekunde chache tu ifike hadi nyuzi 77, wakati ile ya kushikwa kwa muda unaokaribia dakika moja haitakiwi kupita 60.

Kwa mtu asiye na kipimajoto, mimi hutumia mkono. Chaji simu iliyo karibu na kwisha kwa nusu saa, chaja ikiwa wazi, si chini ya mto wala nyuma ya pazia, kisha ishike sehemu ya plastiki pekee. Ukiweza kuishika ukahesabu hadi kumi pasipo kuiachia, kwa kawaida haina tatizo. Ukilazimika kuiachia baada ya sekunde mbili au tatu, au ikiwa inatoa harufu ya plastiki iliyoungua, au imegeuka rangi ya kahawia mahali fulani, kazi yake imekwisha. Angalia pia joto liko wapi. Likiwa tumboni mwa chaja, ubovu ni wa chaja, lakini likiwa kwenye pini, soketi ndiyo mshukiwa. Huku pwani hewa ya chumvi huila shaba ya ndani ya soketi hadi mashiko yanalegea, nimeona chaja nzima kabisa zikiyeyuka plastiki kwenye pini kwa sababu hiyo, na mwenye nyumba akanunua chaja ya pili na ya tatu badala ya kumwita fundi wa umeme abadilishe soketi moja.

Chaja ya khalati ilikuwa imeandikwa volti 5 na ampea 2. Niliiunganisha na kipimo kidogo cha USB na mzigo wa ampea 1 tu, yaani nusu ya ilichodai, nayo ikashuka hadi volti 4.5, ilhali chaja ya aina hiyo inatakiwa ibaki kati ya 4.75 na 5.25. Niliacha kuijaribu hapo, kwa kuwa mlio ulikuwa unasikika hatua mbili kutoka mezani. Niliichomoa, nikaiacha siku nzima, kisha nikaikata kwa msumeno. Naeleza hili si ili mtu aige, kwa kuwa kapasita kubwa ya ndani huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya chaja kuchomolewa, na mimi mwenyewe huimaliza chaji yake kwa rezista kabla kidole changu hakijasogea.

Ndani nilikuta kapasita ya upande wa simu imevimba kichwa, mfano wa mkate wa mofa uliopanda. Kapasita hiyo ina umajimaji, na kazi yake ni kulainisha vile vipande vya umeme vilivyokatwakatwa ili simu ipate volti tulivu. Umajimaji ukikauka, vipande hupita bila kulainishwa, na kioo cha simu, ambacho hufanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo sana wa kidole, huanza kuona vidole visivyokuwapo. Hilo ndilo jini la khalati.

Maandishi ya kapasita yalionyesha kwamba imekadiriwa nyuzi 85, wakati chaja zilizotengenezwa kwa uangalifu hutumia za nyuzi 105. Tofauti hiyo yaonekana ndogo mpaka uifanyie hesabu. Kanuni ya mafundi ni kwamba kapasita ya aina hii huongezewa umri maradufu kwa kila nyuzi 10 inazokuwa chini ya kadirio lake. Tuseme zote mbili zimeandikiwa saa 2,000, na ndani ya kiboksi mna nyuzi 85. Ya nyuzi 85 itaishi hizo saa 2,000 tu, ambazo kwa saa sita kila usiku ni kama miezi kumi na moja. Ya nyuzi 105, katika joto lilelile, itaishi saa 8,000, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu. Khalati aliinunua chaja yake kabla ya Ramadhani ya mwaka uliotangulia.

Hata hivyo, kapasita iliyovimba haikunitia hofu kama nilichokiona upande wa pili wa ubao. Katika chaja kuna upande wa soketi, wenye volti 340, na upande wa simu, wenye volti 5, na pande hizo hazitakiwi kukutana kamwe. Watengenezaji waangalifu huacha nafasi tupu ya milimita 5 au 6, au zaidi, baina ya nyaya za pande hizo mbili, na wengine hutoboa ufa kwenye ubao ili unyevu usijenge daraja. Nilipopima kwa rula, nafasi ya chaja hii haikufika milimita 2, nayo ilikuwa na vumbi lililoshika unyevu. Kapasita ya kauri iliyounganisha pande hizo haikuwa na alama ya Y1, ambayo hutolewa kwa kapasita iliyojaribiwa isije ikapitisha umeme wote hata ikifa. Ya kawaida ikifa huweza kugeuka waya, na umeme wa soketi ukafika kwenye simu iliyo sikioni. Fyuzi nayo haikuwapo. Chaja hii ingeweza kufanya kazi miaka mingi kwa bahati, au kumwua mtu usiku mmoja wa unyevu, na kwa nje isingeonyesha tofauti yoyote.

Mwaka 2016 maabara ya UL ilizijaribu chaja bandia 400 za simu, na karibu zote zilishindwa jaribio la msingi la usalama. 12 kati yake zilikuwa na muundo wa kuweza kumwua mtumiaji kwa umeme. Bandia hiyo kwa nje hufanana na ya asili hata kwa maandishi, kwa hiyo mimi siamini kasha. Dukani naomba kuishika: chaja nyepesi kuliko ya asili ya kiwango hichohicho ina vitu vilivyopunguzwa ndani. Kisha naziangalia pini. Kwa plagi yetu ya pini tatu, pini za umeme zinatakiwa ziwe angalau milimita 9.5 kutoka kwenye ukingo wa plagi, ili kidole kisizifikie unapochomeka, na bandia nyingi hushindwa hapo kwa sababu kiboksi kimebanwa kuliko kawaida. Pini zikiwa zinacheza, au hazina mkono wa plastiki kwenye shina, naiacha. Stika ya KEBS hunisaidia kwa kiasi tu, kwani stika nayo huigizwa, ila namba yake huweza kuhakikiwa kwa ujumbe kwenda 20023.

Chaja ya aina hii haitengenezwi. Kubadilisha kapasita ni kazi ya dakika kumi, lakini ile nafasi ya milimita 2 haibadilishiki. Nilizikata pini zake kwa koleo kabla ya kuitupa, maana chaja nzima ikifika jaani huokotwa, ikafutwa vumbi na kuuzwa tena.

Khalati alinunua nyingine kwa bei iliyomfanya anung'unike mara mbili. Wiki iliyofuata alinipigia tena usiku, akisema na hii nayo inalia. Nilimwuliza simu yake ina chaji kiasi gani. Alinijibu kwamba imejaa, na kwamba mlio ameusikia alipoinama kuichomoa. Nikamwambia azime swichi ya soketi, alale.