Maziwa ya lozi au ya soya kwa mtoto asiyepatana na maziwa ya ng'ombe?

"Wadau wa Dodoma, mwanangu ana miaka 5, maziwa ya ng'ombe yanamharisha. Dukani nimekuta ya lozi na ya soya. Nichukue lipi?"

Pole, dada. Chukua soya, ila geuza boksi kwanza usome safu ya mililita 100, maana ukubwa wa "glasi" kila kampuni inajipangia. Maziwa ya ng'ombe yana protini kama gramu 3.3 na kalsiamu miligramu 120 hivi. Soya nzuri hukaribia hapo kwa protini. Lozi mara nyingi ni nusu gramu tu, kwa hiyo glasi ya mililita 250 inampa gramu moja na kidogo badala ya nane. Hayo ni maji ya bei mbaya!

Kalsiamu tafuta kwenye viambato: kalsiamu kabonati au fosfati. Isipotajwa, haikuongezwa, hata soya yenyewe ina kidogo. Ikiwemo, hutuama chini, hivyo tikisa boksi kila unapomimina. Ukikuta unga mweupe mwishoni, ndiyo hiyo mmeiacha.

Sukari ikitajwa ya pili baada ya maji, rudisha rafuni.